Mikoba ipo 40, posti ni tatu, niandike nini?

Swali: Kaka habari, nashona mikoba ya kitenge hapa Dar, ipo 40 tu na naiachia Jumamosi tarehe 14. Nataka posti tatu za kuhesabu siku Insta ila kila nikiandika najikuta narudia "inakuja inakuja". Nisaidie.

Jibu: Poa dada. Unarudia kwa sababu posti zote tatu umezipa kazi moja. Zigawie: Jumatano mtu autamani, Alhamisi ajue bei na idadi, Ijumaa ajue anaupataje.

Ila kwanza hesabu mzigo upya. Mimi niliwahi kutangaza abaya 25 wakati 6 nilishawaahidi washkaji, aisee siku hiyo inboksi ilikuwa matusi matupu. Kwa hiyo kama 4 umewawekea ndugu, idadi yako ni 36, andika hiyo hiyo.

Jumatano, picha ya ndani ya mkoba tu, zipu imefunguliwa nusu:
"Jumamosi tarehe 14, saa 2 asubuhi. Ule mfuko wa simu mliouomba kwenye mkoba wa mwaka jana, nimeuweka. Rangi mtaziona kesho."

Hiyo "kesho" inakubalika kwa sababu haimpotezi mtu mauzo, lakini siku ya mauzo usiiite kesho hata siku moja. Insta kwa kawaida haionyeshi posti kwa kufuata muda zilipowekwa, mtu anaweza kuiona ya Ijumaa siku ya Jumapili, akisoma "kesho" anajua bado ana siku. Tarehe na saa viwe mstari wa kwanza kila posti, maana mistari ya chini inafichwa mpaka mtu aguse.

Alhamisi, mikoba yote mezani:
"Jumamosi tarehe 14, saa 2 asubuhi. Bluu 20, njano 16, basi. Shilingi 35,000. Kitambaa kimeisha, sishoni mingine ya aina hii."

Hilo la mwisho liandike kama ni kweli tu, ukiurudisha mwezi ujao hakuna atakayekuamini tena. Na bei usiifiche, "bei njoo inboksi" inakera watu, na wewe mwenyewe utashinda unajibu swali moja mara mia.

Ijumaa, wewe umeuvaa:
"Jumamosi tarehe 14, saa 2 asubuhi. Tuma rangi unayotaka inboksi, nikikujibu una dakika 30 za kulipia, zikipita namwita anayefuata. Oda za kabla ya saa 2 sipokei."

Hapa ndo wengi wanaharibu, wanasema "wahi kabla hazijaisha" bila kusema kuwahi ni kutuma meseji au kulipa, halafu watu wawili wanadai mkoba mmoja. Ijumaa hiyo hiyo weka na stika ya kuhesabu muda kwenye stori, mtu akiigusa anaweza kuomba akumbushwe muda ukifika.

Jumamosi bluu zikiisha ingia kwenye posti zote tatu uhariri, juu kabisa andika "Bluu zimeisha, njano zimebaki 5", usiache mtu alipie nauli ya bodaboda kufuata kitu hakipo.