Piga hesabu ukiwa kwenye sakafu, si katikati ya mpira

Nafundisha tuisheni ya fizikia kwa vijana wa kidato cha tano hapa Tabora. Nyuma ya chumba tunachosomea kuna kipande cha sakafu ya saruji chini ya mwembe, na ndipo tunapomalizia mabishano ambayo ubao umeshindwa kuyamaliza. Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea daftari lenye kurasa mbili za hesabu. Swali lenyewe lilikuwa fupi: mpira wa kikapu umerushwa mbele huku ukizunguka kurudi nyuma, umegonga sakafu yenye kukwaruza, utaondokaje?

"Mwalimu, msuguano siujui, muda wa kugusana siujui, na vyote viwili nimeviweka," akaniambia.

Nilimwelewa sana, maana nami nikiwa mwanafunzi nilipotezea swali la namna hii karibu nusu ya muda wa mtihani. Kosa letu lilikuwa moja. Tulihesabu momenta ya mzunguko kuzunguka kitovu cha mpira, kwa sababu kitovu ndicho kinachovutia macho. Lakini kwa kitovu, msuguano wa sakafu una mkono, yaani umbali kutoka nukta unayohesabia hadi mstari wa kani, ulio mrefu kama nusukipenyo, kwa hiyo unaibadilisha momenta hiyo, na kiasi inachobadilika hukijui.

Ushauri wangu ni huu: weka kidole kwenye nukta ya sakafu ambapo mpira unagonga, na hesabu zako zote zifanye kuizunguka nukta hiyo. Msuguano unalala juu ya sakafu na kupita kwenye nukta ileile, basi mkono wake ni sifuri. Kani ya sakafu inayousukuma mpira juu nayo inapita hapohapo. Uzito pia, kwa kuwa kitovu kipo juu ya nukta hiyo. Hakuna kani iliyobaki ya kubadilisha momenta ya mzunguko, kwa hiyo iliyokuwepo kabla ya kugonga ndiyo itakayokuwepo baada ya kugonga. Hata kasi ya kushuka na ya kupanda haiingii, maana mstari wake unapita kwenye nukta.

Vinabaki vitu viwili tu. Cha kwanza ni kasi ya kitovu kwenda mbele, tuiite v. Cha pili ni kasi ya ngozi ya mpira kutokana na mzunguko, tuiite u, yaani nusukipenyo mara kasi ya mzunguko. Tunaihesabu chanya mpira ukizunguka kama unaobingirika mbele, na hasi ukizunguka kurudi nyuma. Mpira wa kikapu ni ganda lenye hewa ndani, na ganda jembamba lina kizidisho cha 2/3. Ukigawanya kila kitu kwa tungamo na nusukipenyo, kisichobadilika ni hiki:

```
v + (2/3)u
```

Tungamo limeondoka lenyewe. Wanafunzi wengi hushtuka hapo, wakidhani wamesahau kitu.

Sasa twende kwenye sakafu. Mzingo wa mpira ni kama sentimita 75, kwa hiyo ukizunguka mara 4 kwa sekunde ngozi yake inakwenda mita 3 kwa sekunde. Rusha mpira mbele kwa mita 2 kwa sekunde huku ukizunguka nyuma kwa kiasi hicho, yaani u ni −3. Jumla inakuwa 2 + (2/3)(−3), nayo ni sifuri.

Sifuri hiyo ina maana kubwa. Sakafu ikiushika mpira sawasawa, ngozi inaacha kuteleza, na mpira unaondoka kama unaobingirika: v na u zinakuwa sawa. Namba mbili zilizo sawa zinazotoa jumla ya sifuri haziwezi kuwa nyingine ila sifuri na sifuri. Mpira utapanda wima, na hautazunguka kabisa.

Kijana hakukubali. Tukatoka nje.

Hili unaweza kulijaribu bila kifaa cha maabara. Chora alama ya chaki kwenye mpira. Ushike chini yake ikiwa sentimita 125 kutoka sakafuni. Utachukua kama nusu sekunde kufika chini, na utagonga kwa karibu mita 5 kwa sekunde. Chora mstari sakafuni mita 1 mbele ya mkono. Ukirusha sambamba na sakafu na mpira ukaangukia kwenye mstari, kasi yake ilikuwa mita 2 kwa sekunde. Na alama ya chaki ikizunguka mara 2 kamili njiani, mzunguko wako ulikuwa mara 4 kwa sekunde. Piga video ya mwendo wa polepole kwa simu ili kuhesabu, macho peke yake hayatoshi.

Ilituchukua majaribio mengi, maana viganja vya watu havifanani. Lakini ulipokubali niliona alama ya chaki inashuka ikizunguka, inagonga, kisha inapanda ikiwa karibu imesimama, imetutazama. Kusema kweli ilikuwa na mzunguko mdogo wa kwenda mbele, na mpira ulirudi kidogo kuelekea kwetu. Hiyo si hitilafu ya kanuni. Ngozi ya mpira inanyooka pembeni wakati imeshikwa, kisha inarudisha sehemu ya nguvu kabla ya kuachana na sakafu, na hivyo v na u hazilingani kabisa. Lakini jumla bado ni sifuri: kimoja hasi, kingine chanya.

Kijana akauliza kama angeweza kutumia nishati. Hapana. Karibu nishati yote ya mwendo wa mbele na ya mzunguko hapa imeliwa na kukwaruzana. Anayeandika kwamba nishati imehifadhiwa anapata jibu la mpira mwingine.

Jambo la mwisho ni kuteleza, na hapa ndipo wengi hudhani kanuni imevunjika. Mpira wetu ukiangushwa kutoka sentimita 125 hurudi hadi 70, maana yake unaondoka kwa robo tatu ya kasi ya kugonga. Kasi ya wima inabadilika kwa karibu mita 8.7 kwa sekunde. Ili msuguano uondoe mita 2 za mbele, kizidisho chake kinatakiwa kifike 2 gawanya kwa 8.7, yaani 0.23. Saruji kavu inafika bila shida. Sakafu iliyopakwa rangi na kufunikwa vumbi la kiangazi huenda isifike.

Tuseme ni 0.15 tu. Msuguano unaondoa mita 1.3, na mpira unaendelea mbele kwa 0.7. Mzunguko nao unapungua, ngozi ikitoka −3 hadi −1.05. Jumlisha: 0.7 + (2/3)(−1.05), bado sifuri. Nukta ya mguso imetunza hesabu yake hata mpira ukiteleza. Kilichokosekana ni lile sharti la v kuwa sawa na u, na mahali pake unaweka kizidisho cha msuguano. Kwenye video utalijua mara moja: mpira unasonga mbele huku alama ikiendelea kuzunguka nyuma.

Kwenye mchanga usijaribu. Mpira unazama, mchanga unausukuma kwa mbele na ubavuni, juu ya ile nukta uliyoichagua, na kani hizo zina mkono. Vijana walirusha mpira pembeni ya saruji, kwenye mchanga wa chini ya mwembe, na kila mara ulifanya jambo lake.