Ongoza watalii Bagamoyo wakuelewe: habari ya mkazo

Vijana wanaoanza kazi ya kuongoza watalii hapa Bagamoyo hupenda kutembea nami siku za mwanzo, kuanzia magofu ya Kaole mpaka Boma la Wajerumani na kule misheni. Wengi wana Kiingereza kizuri. Sarufi imenyooka, maneno wanayo. Lakini wakianza kueleza, mgeni anakunja uso, anasogea karibu, anaomba arudiwe. Kijana anadhani hajasikika, anapaza sauti, na mambo yanazidi kuharibika. Mara nyingi kinachomponza ni mahali alipoweka mkazo.

Sisi Waswahili mkazo hautusumbui kwa sababu una makao yake: silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema PI-ga, tukiongeza kiambishi inakuwa pi-GA-na, tukiongeza tena pi-ga-NI-sha. Mkazo unahama wenyewe, wala hatuufikirii. Maneno yanayokwenda kinyume ni machache mno, kama lile la kusifia jambo lililofanyika ba-RA-ba-ra, tofauti na ba-ra-BA-ra ya magari. Kiingereza hakina makao hayo. Kila neno lina silabi yake, na inabidi ujifunze neno pamoja na mkazo wake, kama unavyojifunza ngeli pamoja na nomino.

Chukua neno la Kiingereza la historia, ambalo kwetu halikwepeki. Wao wanasema HIS-tri, nguvu yote mwanzoni na katikati imemezwa. Kijana wetu anasema hi-STO-ri, kwa kanuni ya Kiswahili. Mgeni anasikia «hiz STO-ri», yaani hadithi ya mtu fulani, na anaanza kujiuliza ni nani huyo. Anapoamka kutoka kwenye swali hilo, sentensi mbili zimeshampita.

Haya hayatokani na ukaidi wa mgeni. Maneno mengi ya Kiingereza yanayobeba maana huanza na silabi yenye nguvu, kwa hiyo sikio la aliyekulia katika lugha hiyo limezoea kwamba likisikia silabi nzito, huenda neno jipya limeanza hapo. Ukiweka uzito katikati ya neno, umemkatia neno lake vipande viwili. Anatafuta kichwani neno linaloanza na «sto», na neno lenyewe linaanza na «his».

Maneno ya kazi yetu yaliyo na mtego huo ni mengi. Pembe za ndovu ni AI-va-ri, si ai-VO-ri. Msafara ni KA-ra-van, si ka-RA-van. Makaburi ni SE-ma-tri, si se-me-TE-ri. Mmisionari ni MI-sha-nri, na hili ndilo tunaloliumiza zaidi tukisema mi-sho-NA-ri. Kumbe yapo mengine tunayopatia bila jasho, kama mu-ZI-am na eks-PLO-ra, kwa kuwa mkazo wake umeangukia palepale tulipouzoea. Ndiyo maana kijana anaweza kueleweka vizuri akiwa ndani ya makumbusho, akapotea akifika makaburini.

Sasa mkazo wenyewe unatiwaje? Si kupiga kelele. Silabi yenye mkazo hurefushwa kidogo, sauti yake hupanda, na irabu yake hutamkwa wazi. Zile nyingine lazima zififie, na hapo ndipo kazi ilipo, maana Kiswahili kinatufundisha kutamka kila irabu kwa ukamilifu. Ukisema KA kwa nguvu halafu «ra» na «van» ukazitamka kwa ukamilifu uleule, bado hujaweka mkazo. Mimi huwaambia vijana wang'ong'one neno midomo ikiwa imefungwa: MM-mm-mm. Ukishaupata wimbo wa neno, rudisha herufi zake. Ukiwa na shaka, fungua kamusi ya Kiingereza yenye alama za matamshi. Utaona kikistari kidogo kimesimama juu. Kikistari hicho huwekwa kabla ya silabi yenye mkazo. Wengi hukisoma kana kwamba kimewekwa baada yake, wakakosea huku wakiamini wamepatia.

Mkazo wa sentensi ni jambo jingine, na kwa muongozaji naliona zito kuliko la neno mojamoja. Kule misheni, kwenye mnara wa kanisa la zamani, swali halikosekani: je, Livingstone amezikwa hapa? Jibu tunalijua. Mwili wake uliletwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi, Februari 1874, ukalala hapa usiku mmoja, ukavushwa bahari na kuzikwa London. Kijana niliyekuwa naye alijibu kwa sentensi zilizonyooka kabisa, lakini kila alipofika kwenye neno la kuzikwa, BE-rid, alilikandamiza. Hakuzikwa hapa: BE-rid. Alizikwa London: BE-rid. Baada ya dakika chache mama mmoja akamwuliza kaburi liko upande gani.

Kwa Kiswahili jibu hilo lisingeleta utata. Ukanushi tumeufunga ndani ya kitenzi, «hakuzikwa», na tukitaka kuonyesha habari mpya tunaipanga sentensi upya: «alikozikwa ni London». Kiingereza mara nyingi huyaacha maneno yalipo na kuhamisha mkazo. Neno ambalo limeshatajwa hushushwa, lile jipya hupandishwa. Mgeni mwenyewe ameshataja kuzikwa, kwa hiyo neno hilo halihitaji nguvu tena. Nilimwambia kijana aseme hivi: hi WO-zint berid hia. Hiz bodi woz KEPT hia, fa wan NAIT. Hi woz berid in LAN-dan. Kundi lililofuata lilipouliza swali lilelile, alijibu hivyo, na swali la pili likawa juu ya Chuma na Susi.

Ili kujipima, jirekodi kwa simu ukieleza sehemu moja tu, kisha iweke simu mezani, punguza sauti na urudi nyuma hatua kadhaa. Maneno machache yanayokufikia ndiyo yanayomfikia mgeni. Kama ni «usiku mmoja» na «London», umefaulu. Kama yote yanakufikia kwa uzito uleule, au hakuna hata moja, rudia.

Si wageni wote wanaoumizwa na jambo hili kwa kiasi kimoja. Mfaransa, ambaye lugha yake huweka uzito mwishoni mwa kifungu cha maneno, hatasumbuka sana ukikosea mkazo wa neno. Mwingereza na Mmarekani ndio wanaopotea, na Mjerumani pia, kwa kuwa lugha yake nayo inategemea mkazo.

Kwenye bei, msiutegemee mkazo peke yake. Kumi na tano ni fif-TIN, hamsini ni FIF-ti, na mnaweza kudhani tofauti hiyo inatosha. Lakini likifuatwa na neno la elfu, mkazo wa kumi na tano huruka mbele na kuwa FIF-tin THAU-zand, ukakaribia kabisa ule wa hamsini. Kinachobaki kuwatenganisha ni urefu wa «tin» na ile «n» ya mwisho, ambayo kwenye upepo wa ufukweni haisikiki. Taja tarakimu moja moja, «wan, faiv», au andika kwenye simu umwonyeshe kabla hamjaanza kutembea.