Mpini usiokata kiganja: maswali yenu kuhusu fileti

Nachora kipimajoto cha mkononi chenye umbo la bastola, kwenye programu ya SolidWorks. Fileti, yaani uduara wa ukingo, ya milimita 8 kuzunguka mpini inagoma karibu na kifyatulio. Nikishusha hadi 4 inakubali, ila mpini uliochapishwa kwa printa ya 3D unakata kiganja. Nifanyeje?

Anza kwa kupima nafasi iliyopo, maana programu haigomi bure. Kwenye mchoro ulionitumia, uso wa mbele wa mpini una upana wa milimita 30, na tundu la kifyatulio lililo katikati yake lina upana wa 16. Kwa hiyo kila upande wa tundu zimebaki milimita 7. Ukingo wa nyuzi 90 ukiwekewa fileti yenye nusu kipenyo cha 8 hula milimita 8 za kila uso unaopakana nao. Hapo fileti inaingia ndani ya tundu, na programu haijui iishie wapi.

Lakini ufinyu huo uko juu tu. Chini ya kifyatulio, mahali kidole cha kati na cha pete vinapozunguka mpini, hakuna tundu, na hapo ndipo mkono unadai uduara mkubwa. Ukitumia kipimo kimoja, sehemu finyu inaitawala sehemu pana. Fungua `Fillet`, chagua `Variable Size Fillet`, kisha bofya ukingo mmoja wa mbele. Kwenye `Number of instances` andika 2. Vitatokea vidoto viwili juu ya ukingo, pamoja na ncha zake mbili. Kila kidoto kina R, yaani nusu kipenyo, na P, yaani mahali pake kwa asilimia ya urefu wa ukingo.

Mpini wako una urefu wa milimita 110, na tundu linaishia milimita 30 kutoka juu. Weka ncha ya juu 5. Kidoto cha kwanza kiweke asilimia 30, yaani milimita 33, nacho pia kiwe 5, ili fileti isianze kunenepa kabla haijalipita tundu. Cha pili kiweke asilimia 60, kiwe 12. Ncha ya chini iwe 6, kwa sababu kifuniko cha betri kinahitaji pa kukaa. Ukiona asilimia zinahesabiwa kutoka chini, zigeuze. Chagua `Smooth transition`, kwa kuwa `Straight transition` hubadilisha kipimo kwa mstari ulionyooka, na vidole huhisi pembe pale kipimo kinapoanza kubadilika.

Sasa angalia mpaka ambao fileti inauchora kwenye uso wa ubavuni. Unatakiwa kutanuka mara moja kama upinde, kisha urudi. Ukijipinda kama nyoka, umeweka vidoto vingi mno. Niliwahi kuweka saba kwenye mpini mmoja nikidhani naongeza umakini, na plastiki ilipotoka ilikuwa na mabonde ambayo jicho halikuyaona ila kidole gumba kiliyapata papo hapo. Tangu siku hiyo sizidishi viwili katikati ya ukingo bila sababu ninayoweza kuitaja.

Angalia pia kinachobaki katikati: 12 kila upande inakula 24 kati ya 30, kwa hiyo unabaki na utepe bapa wa milimita 6. Ukifika 15 fileti mbili zinakutana na utepe unatoweka. Kwa mgongo wa mpini, unaokaa kwenye kiganja, mimi ningefanya hivyo kwa makusudi kwa `Full Round Fillet`. Kwa upande wa mbele ningeuacha utepe, kwa kuwa ndio unaovipa vidole mahali pa kutua.

Pale mpini unapoungana na kichwa, ukingo umekatika vipande vipande na fileti ya kawaida haipiti. Nimesikia `Face Fillet` inasaidia. Tofauti yake ni nini?

Fileti ya kawaida hufuata ukingo. Ukingo ukiwa na vipande vidogo, kila kipande ni tatizo jipya. `Face Fillet` haiangalii ukingo kabisa. Fikiria mpira unaoviringishwa kwenye bonde kati ya kuta mbili: mahali unapogusa ukuta huu na ukuta ule ndipo fileti inapoanza na kuishia, na takataka zilizo chini ya mpira hufunikwa. Kuta zenyewe si lazima zigusane.

Weka nyuso za mpini kwenye `Face Set 1` na za kichwa kwenye `Face Set 2`, kisha toa nusu kipenyo. Mpira lazima uguse pande zote mbili. Ukiwa mdogo mno hauzifikii, ukiwa mkubwa mno unavuka mwisho wa uso, na mara nyingi programu inakataa kwa sababu hiyo. Kwa shingo hii jaribu 10 kwanza, halafu panda taratibu.

Kwenye shingo hiyo kuna uwezo mwingine ambao wengi hawaugusi. Pale ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada inapoegemea, wewe ndiye unayejua fileti iishie wapi, ila hujui nusu kipenyo chake. Basi chora mstari huo ubavuni, uukate juu ya uso kwa `Split Line`, kisha ndani ya `Face Fillet` chagua `Hold Line` na uuonyeshe. Umbali kati ya mstari na ukingo ndio utakaoamua nusu kipenyo, nacho kitabadilika chenyewe kila mahali. Chora mstari huo kwa tao moja laini, maana kila kosa lake litanakiliwa kwenye fileti.

Mteja anasema anaona mstari kwenye shingo ya kifaa, ingawa nyuso zimeungana vizuri. Mimi siuoni.

Mteja yuko sahihi. Washa `Zebra Stripes`, yaani milia inayoakisiwa juu ya nyuso, ukitazama shingo hiyo. Milia ikikatika na kuhama, nyuso zinagusana tu. Ikikutana lakini ikavunjika kama kiwiko, nyuso zina mwelekeo mmoja ila mpindo wake unaruka ghafla: uso bapa hauna mpindo kabisa, halafu tao la duara linaanza na mpindo wake wote mara moja. Mwanga hulionyesha hilo kwenye plastiki inayong'aa. Ndani ya `Face Fillet`, kwenye `Profile`, badilisha `Circular` iwe `Curvature Continuous`, na milia itapita bila kiwiko.

Kuna gharama yake. Fileti hiyo ikichukua upana uleule, katikati yake huwa kali kuliko ya duara, kwa hiyo ongeza kipimo kidogo kisha ushike mfano uliochapishwa. Kama mpini utakuwa na plastiki yenye uso wa kukwaruza usiong'aa, usijisumbue. Mng'ao haupo wa kukushtaki.

Fileti zote zimekubali, ila `Shell`, amri inayotoa nyama ya ndani na kuacha ganda, ya milimita 2 imekataa.

Tafuta mahali fileti iliyotokeza nje ina nusu kipenyo kisichozidi unene wa ganda. Fileti ya nje ya 5 huwa 3 kwa ndani. Ya 2 huwa sifuri, na ya 1.5 haina pa kwenda. Mara nyingi kosa liko kwenye ncha ya fileti inayobadilika ambayo mtu aliishusha hadi 0 ili ipotelee vizuri. Fungua `Check` iliyo kwenye `Evaluate`, weka tiki kwenye `Minimum radius of curvature`, na programu itakuonyesha penyewe. Pandisha ncha hiyo hadi 3, au uihamishe fileti ndogo ya mapambo ifanyike baada ya `Shell`.