Picha Moja, Maswali Manane: Maswali na Majibu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu picha za mazoezi ya Hisabati zinazopigwa nyumbani na kutumwa kwa simu. Nimechukua ukurasa wa mzazi wa kwanza uwe mfano wa wote, tusirukeruke.

Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi Maskati, mwanangu yuko darasa la saba Tanga. Jioni shangazi yake ananitumia picha ya ukurasa mzima, swali la 11 hadi la 18, umepangwa safu mbili. Nikiufungua nachanganyikiwa hata pa kuanzia. Nianze na lipi?

Marahaba mama. Usianze na lolote kwanza. Soma ukurasa wote bila kukokotoa, ukishuka safu ya kushoto mpaka chini, ndipo upande juu ya safu ya kulia. Katika picha yako kushoto kuna 11 hadi 14 na kulia 15 hadi 18. Kwenye kioo kidogo cha simu, ukishakuza picha, jicho linavuka mstari wa katikati bila wewe kujua, unatoka 11 unaangukia 15. Namba zenyewe ndizo zitakazokustua: ikiruka nne kwa mpigo, umehama safu.

Ukimaliza kusoma, chukua karatasi uandike 11 hadi 18 kwa kushuka, kila namba na mstari wake. Mbele ya kila moja weka neno moja: "kamili" kama swali linaonekana lote, "linategemea" kama linahitaji jedwali au jibu la kipengele kingine, "pungufu" kama picha imelikata. Kwako 11, 12, 13 na 18 ni kamili, ingawa 13 lina vipengele vinavyofuatana. 15, 16 na 17 yanategemea jedwali. 14 ni pungufu, nitalieleza mbele.

Sasa utaona kazi ilivyo. Andika ujumbe wa kuomba picha nyingine ya 14 mara moja, kwa sababu shangazi akilala ndiyo basi. Wakati unangoja, maliza yale ya mstari mmoja au miwili: 11, 12 na 18. Kisha chukua 15, 16 na 17 kwa pamoja. Juu ya 15 pameandikwa "Tumia jedwali lifuatalo kujibu swali la 15 hadi la 17", na jedwali ni la magunia ya machungwa yaliyouzwa: Jumatatu 12, Jumanne 18, Jumatano 9, Alhamisi 21. Swali la 15 linataka jumla, nayo ni 60. La 16 linataka wastani wa kwa siku: 60 gawanya kwa 4, magunia 15. La 17 linauliza mauzo ya Jumanne ni asilimia ngapi ya mauzo yote: 18 gawanya kwa 60, zidisha kwa 100, asilimia 30. Jumla umeitafuta mara moja ikatumika mara tatu. Ungeyafanya kwa kurukaruka ungeijumlisha upya kila mara, na hapo ndipo 60 inapogeuka 59.

Swali la 13 liache mwisho, maana ndilo refu.

Lakini unapomtumia mtoto, usimtumie kwa mpangilio huo uliofanyia kazi. Mpangilio wa kukokotoa ni wako, wa kujibu ni wa karatasi. Mtoto ana ukurasa mbele yake na atashuka nao: 11, 12, 13. Akikutana na 18 juu ya 15 ataanza kutafuta badala ya kuelewa.

Swali moja lina (a), (b) na (c). Je, naweza kutoa jibu la mwisho tu, kwa kuwa (c) ndiyo hitimisho? (Kaka mtu, Morogoro)

Hapana, na swali la 13 la ukurasa huohuo linaonyesha sababu. Linasema: shamba la mstatili lina urefu wa mita 40 na upana wa mita 25. (a) Tafuta mzingo wake. (b) Nguzo zikisimikwa kuzunguka shamba lote, moja kila baada ya mita 5, zitahitajika nguzo ngapi? (c) Nguzo moja ikiuzwa shilingi 8,500, nguzo zote zitagharimu shilingi ngapi?

Yajibu hivi, kila kipengele na herufi yake:

13 (a) Mzingo = 2 × (40 + 25) = 2 × 65 = mita 130.

13 (b) 130 ÷ 5 = nguzo 26.

13 (c) 26 × 8,500 = shilingi 221,000.

Tazama kosa linavyosafiri. Watoto wengi hujumlisha 40 na 25 wakasahau kuzidisha kwa 2. Mzingo unakuwa 65, nguzo 13, gharama shilingi 110,500. Ukiwa umeandika (c) peke yake, mdogo wako ataona 221,000 kwako na 110,500 kwake, atarudia kuzidisha kwa 8,500 mara nyingi na hatapata kosa, kwa sababu halipo hapo. Ukitenganisha vipengele, macho yake yataishia kwenye (a), na (b) na (c) atazirekebisha mwenyewe bila kuambiwa.

Kipengele (b) nacho kina mtego wake. Wapo wanaoongeza nguzo moja wakapata 27, kwa mazoea ya maswali ya nguzo zilizopangwa kandokando ya barabara, mwanzo mpaka mwisho. Uzio wa shamba unazunguka na kurudi ulipoanzia, kwa hiyo nguzo ya kwanza ndiyo inayofunga mzunguko, hakuna ya kuongeza. Maelezo haya yaweke palepale chini ya (b). Ukiyatupa mwisho wa majibu yote, mtoto hatajua yanahusu nini.

Na usimbadilishie herufi. Karatasi ikisema (a), nawe andika (a). Ukiandika "kwanza, pili, tatu", mtoto atajiuliza kama "pili" ni 13 (b) au ni swali la pili la ukurasa.

Picha imekata kichwa cha mchoro kwenye swali la 14, na kidole kimefunika namba moja. Niliruke niendelee na mengine, au nikisie? (Mama wa Tanga, tena)

Ruka kukokotoa, usiruke namba. Kwenye majibu yako 14 iwepo mahali pake, kati ya 13 na 15, na mbele yake uandike kinachokosekana: "Swali la 14: sioni urefu wa upande wa juu wa mchoro. Naomba picha ya swali hili peke yake."

Kukisia ndiko kubaya zaidi. Swali linataka eneo la sehemu iliyotiwa kivuli, na kipimo cha juu hakionekani. Ukisema "labda ni 14" kwa kuwa 14 inagawanyika vizuri kwa 7 kwenye pai, utapata jibu zuri la swali ambalo hakuna aliyeuliza, na mtoto atalinakili.

Kuliacha bila kuliandika nako kuna hasara. Mtoto akihesabu majibu saba kwenye maswali manane ataanza kuyasogeza: jibu la 15 atalipa 14, la 16 atalipa 15, hivyohivyo mpaka chini. Waliosimamia mitihani wanajua kwamba jambo hilihili huwapata watoto kwenye fomu ya OMR, wanaporuka swali gumu kwenye karatasi wakasahau kuruka mstari wake kwenye fomu.

Picha ya pili mwombe shangazi aipige kwa karibu, swali moja likijaza kioo, na aitume kwa ubora wa juu au kama faili. Picha ya kawaida hupunguzwa ubora inapotumwa kwa WhatsApp, na kinachopotea mwanzo ni vitu vidogo: alama ya desimali, kipeo, mstari wa sehemu.

Nafundisha tuisheni. Nikiandika majibu kwenye Word, nikianza na 11 halafu 12, inajipangia yenyewe. Nikiacha 14 ingoje, la 15 linaitwa 14. Nimechoka kusahihisha.

Programu inadhani unaandika orodha, na orodha haina pengo. Ukiandika "11." na nafasi mwanzo wa mstari, imeshachukua usukani. Dawa rahisi ni kuanza na neno: "Swali la 11". Hapo namba inakuwa maandishi ya kawaida, haitaguswa. Ukipenda namba tupu, mara tu inapojipanga bonyeza Ctrl+Z. Upangaji unaondoka na maandishi yako yanabaki.

Kwenye simu nashauri kila swali liwe ujumbe wake. Mtoto asipoelewa la 12 atautelezesha ujumbe huo kulia na kuuliza hapohapo, nawe utajua anauliza lipi. Ukituma majibu manane kwenye ujumbe mmoja, utaulizwa "hapo kwenye kugawanya sijaelewa", na kugawanya kupo kwenye manne kati ya hayo.

Swali la 11 nimepata 18, kaka yake kapata 2. Nani yuko sahihi? Ni 48 ÷ (2 + 6) × 3. (Baba, Muheza)

Wewe. MAGAZIJUTO: mabano kwanza, yanatoa 8; kisha gawanya, 48 ÷ 8 = 6; kisha zidisha, 6 × 3 = 18. Kaka yake alizidisha 8 kwa 3 akapata 24, ndipo akagawanya 48 kwa 24.

Nimejibu yote vizuri, lakini majibu ya nyuma ya kitabu yanasema 16 ni sentimita 42. Mimi nina magunia 15. Nimekosea wapi?

Vipimo vinakujibu: swali lako ni la magunia, jibu la kitabu ni la sentimita. Umefungua majibu ya zoezi jingine. Katika vitabu vingi namba huanza upya kila zoezi, hivyo swali la 16 linaweza kuwapo mara nyingi kitabu kizima. Mwambie anayepiga picha ahakikishe jina la zoezi na namba ya ukurasa vinaonekana, au aviandike chini ya picha. Nawe juu ya majibu yako andika vilevile, kabla ya "Swali la 11": zoezi gani, ukurasa wa ngapi. Kesho ikija picha nyingine yenye 11 hadi 18, hazitagongana.