Kutenga maji ya bafuni hakupunguzi mtambo kiasi unachodhani

Wewe unayeanza kazi za majitaka huku Mtwara, kuna hesabu moja utaletewa mapema na mwenye mradi. Atakuambia: tukitenga maji ya bafuni na ya kufulia, tukayasafisha, tukayatumia kwenye bustani na kufulashi vyoo, basi mtambo wa majitaka tununue mdogo. Wazo la kutenga ni zuri, nami nalipigania kila mradi. Hesabu ya mtambo ndiyo inayohitaji kupitiwa polepole.

Tuchukue makazi ya fleti 200, watu watano kila fleti, jumla watu 1,000. Kila mtu kwa siku tumkadirie lita 60 za bafu, sinki la kunawia na kufua, lita 25 za choo, na lita 15 za jikoni. Maji ya jikoni yaache upande wa choo, maana mafuta na mabaki ya chakula yataziba vichujio vya upande wa pili. Bila kutenga, mtambo unapokea mita za ujazo 100 kwa siku. Ukitenga, unapokea 40. Hapo mwenye mradi anafurahi.

Lakini bakteria wa mtambo hawahesabu lita. Wanahesabu uchafu, na uchafu mwingi uko chooni na jikoni. Mtu mmoja hutoa takribani gramu 50 kwa siku za uchafu unaokula oksijeni, ule unaoandikwa BOD kwenye karatasi ya maabara. Kwa watu 1,000 ni kilo 50. Ukiondoa maji ya bafu na kufua, unaondoa kama theluthi tu, zinabaki kilo kama 35. Kilo hizo 35 sasa zimo kwenye mita za ujazo 40, kwa hiyo kila lita ina karibu miligramu 875, badala ya 500 za mwanzo.

Kisha kuna mkojo, ambao wengi wanausahau. Ndio unaobeba sehemu kubwa ya naitrojeni, na wote unabaki upande wa mtambo. Kubadilisha kilo moja ya naitrojeni ya amonia kuwa naitreti kunataka kilo 4.6 hivi za oksijeni. Ukijumlisha mahitaji yote ya hewa kwa makazi haya, maji yamepungua kwa asilimia 60 lakini oksijeni imepungua kwa kama asilimia 20 tu. Kwa hiyo blowa, mashine inayosukuma hewa kwenye tangi, haipungui sana, hata kama matangi yatapungua.

Niliwahi kuitwa kwenye makazi ambayo muuzaji alikuwa amepunguza matangi na blowa pamoja, kwa kiwango kilekile. Tope kwenye tangi la hewa lilikuwa jeusi, na harufu ya yai viza ilikufikia kabla hujafungua mfuniko. Tope lenye afya lina rangi ya kahawia na harufu ya udongo. Chota lita moja kwenye chombo cha kioo, uache nusu saa bila kutikisa: tope linapaswa kutuama chini na juu kubaki maji angavu. Pale juu palibaki ukungu. Kipimo cha oksijeni kilikuwa chini ya nusu miligramu kwa lita, wakati tunataka kama miligramu 2. Fundi wa zamu alikuwa akiongeza klorini kila siku, na klorini haitibu upungufu wa hewa.

Sasa njoo kwenye mvua. Vyoo vinahitaji mita 25 kati ya zile 60 zilizosafishwa. Zinazobaki 35 zinatosha bustani ya mita za mraba kama 7,000, ukimwagilia lita tano kila mita. Kiangazi hesabu inakaa sawa. Kusini mvua zetu ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na siku ya mvua hakuna anayemwagilia. Zile 35 zitaenda wapi? Kuyahifadhi maji ya bafuni yasiyosafishwa zaidi ya siku moja kwenye joto hili ni kuyaozesha. Itabidi yarudi kwenye mtambo kwa bomba la ziada, na siku hiyo mtambo unapokea 75. Pampu ya upande wa bafuni ikiharibika, zinarudi zote 100.

Kwa hiyo mimi hupanga mabomba, tangi la kusawazisha na tangi la kutuamisha kwa mita 100, na blowa kwa kilo za uchafu na naitrojeni. Tangi la hewa nalipima kwa kilo hizohizo. Pale ambapo pesa inapungua kweli ni kwenye bili ya maji: lita 25 za choo kwa kila mtu hazitoki tena bombani, na bustani haigusi maji safi kabisa.

Muuzaji akikuletea karatasi yenye mita za ujazo peke yake, mrudishie. Mwambie aandike pia kilo za BOD kwa siku, kilo za naitrojeni, na mtambo utafanya nini siku zile mita 100 zikirudi zote.