Mguu wenye mishipa ya siku nyingi ukivimba ghafla

Karibuni wauguzi na tabibu wapya mnaoanza kuona wagonjwa wa nje hapa Mwanza. Miguu yenye mishipa iliyojikunja kama minyoo na ngozi nyeusi juu ya kifundo mtaiona kila wiki, hasa kwa wanaosimama kutwa: wauza dagaa wa Kirumba Mwaloni, mama lishe, walinzi. Msipoangalia, mtaizoea, na hapo ndipo bonge la damu kwenye veni za ndani linapowapita.

Kwanza muelewe huo weusi unatoka wapi. Ndani ya veni za mguu kuna vali zinazozuia damu isirudi chini. Vali zikilegea, damu inatuama na shinikizo linapanda, kubwa zaidi karibu na kifundo. Chembe nyekundu zinavuja, zinavunjika, na chuma chake kinabaki kwenye ngozi. Kazi hiyo huchukua miezi na miaka. Kwa hiyo ngozi iliyokwisha kuwa nyeusi, ngumu, imekaza kuzunguka kifundo, inakwambia ugonjwa ni wa zamani. Haikwambii lolote kuhusu kilichotokea juzi.

Chukulia mama wa miaka 48, muuza dagaa. Mguu wa kushoto una mishipa tangu uzazi wa pili, na kifundo kimekuwa cheusi kwa miaka kadhaa. Wiki tano zilizopita alifanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye kizazi. Leo anasema mguu umemzidia. Mgeni wa kazi anaona weusi, anaandika "mishipa", anampa dawa ya maumivu na kumruhusu.

Muulize hivi: "Mama, asubuhi ukiamka, kabla hujasimama, mguu unakuwaje?" Uvimbe wa veni za zamani hupungua usiku mtu akilala na huongezeka jioni. Mama huyu anajibu kwamba tangu juzi haupungui hata akilala, na shavu la mguu linauma akiligusa. Jibu hilo lina uzito kuliko rangi ya ngozi.

Sasa chukua tepu. Tafuta kinundu cha mfupa chini ya goti, shuka sentimita 10, weka alama ya kalamu, upime shavu la mguu hapo. Fanya vilevile mguu wa pili, kwa urefu uleule. Ukikadiria kwa macho, vipimo havilinganishwi. Wa kulia sentimita 34, wa kushoto 38. Tofauti inayozidi 3 inahesabika. Bonyeza ugoko kwa kidole gumba: kushoto pabonyea shimo, kulia hapana. Usitegemee wekundu, kwenye ngozi yetu hauonekani vizuri. Tumia mgongo wa mkono kulinganisha joto.

Kwa alama za Wells, zinazokadiria kama kuna bonge kwenye veni za ndani, anapata moja ya upasuaji ndani ya wiki 12, moja ya maumivu kwenye njia ya veni za ndani, moja ya tofauti ya shavu, moja ya kubonyea kwa mguu mmoja. Jumla 4. Mtego uko kwenye kipengele cha mwisho, kinachopunguza 2 kama kuna ugonjwa mwingine unaoelezea hali hiyo kwa kiwango kilekile. Wengi hupunguza kwa sababu ya mishipa. Hapa sipunguzi, kwa kuwa mishipa ya miaka haielezi uvimbe wa siku mbili. Na hata ukipunguza inabaki 2, ambayo bado ni "yaelekea ana bonge".

Anahitaji ultrasaundi leo, ambapo mpimaji anabonyeza veni: yenye bonge haifungi. Mpeleke hospitali ya Sekou Toure au Bugando ukiwa umewapigia kabla. Kama kipimo kitachelewa zaidi ya saa 4, jambo la kawaida kwa anayesubiri kivuko kutoka Ukerewe, jadili na daktari kuanza enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kila saa 12. Taja upasuaji wake, uliza kama anatokwa damu popote, na hali ya figo zake, maana dozi hiyo haimfai kila mtu.

Mwambie yeye na ndugu aliyemleta wasimchue mguu kwa mafuta wala maji ya moto. Ndugu watataka kufanya hivyo, kwa nia njema kabisa. Akianza kuhema, kifua kuchoma au kukohoa damu, ni dharura: huenda bonge limefika kwenye mapafu.

Bandeji ya kubana ni tiba nzuri ya veni za zamani, lakini usiifunge leo kabla ya ultrasaundi. Siku ya kuifunga ikifika, papasa kwanza mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Usipoyapata, usibane, damu ya kuingia ikiwa kidogo, bandeji inaweza kuua ngozi.