Vekta za 1536 na 1536 si ndugu: usibadilishe modeli nusunusu

> "Wakubwa, nina PDF kama 300 za ofisi, mikataba na barua, zote kwa Kifaransa. Vekta niliziweka kwenye pgvector kwa text-embedding-ada-002. Naona text-embedding-3-small ni ya bei ya chini na zote ni 1536. Naweza kuitumia kwa faili mpya na kwa maswali, zile za zamani nikaziacha zilivyo? Na vipande viwe na ukubwa gani? Na kuna hifadhidata nzuri kuliko pgvector?"

Usiguse kitu. Toa mikono kwenye kibodi, mdogo wangu, unywe maji kwanza. Hicho unachotaka kufanya nilikifanya mimi hapa Lubumbashi, neno kwa neno, na kilinila siku ishirini na mteja mmoja.

Ilikuwa ofisi ya kupitisha mizigo duane, makamyo ya mpakani Kasumbalesa kila siku. Patroni alitaka wafanyakazi waulize kwa Kiswahili na mashine ijibu kutoka kwenye mikataba ya Kifaransa, ikionyesha jibu limetoka faili gani. Nikakata mikataba vipande, nikavipitisha ada-002, modeli inayogeuza kila kipande kuwa vekta, yaani orodha ya namba 1536 zinazobeba maana yake, vipande 6,100 vikaingia pgvector kwenye mashine ya klaudi. Kazi ikatembea vizuri. Baadaye zikaja faili mpya, vipande kama 900. Wakati huo nilikuwa nimeangalia video ya bwana mmoja anayejiita mwalimu, miwani meusi ndani ya nyumba, akasema: "Ukiona dimensheni ni sawa, badilisha tu jina la modeli, hifadhidata haitalalamika." Na kweli haikulalamika! Hapo hakusema uongo. Safu yangu ilikuwa `vector(1536)`, vekta mpya za 3-small zina 1536, zikaingia kama maji kwenye mtungi. Nikabadilisha na upande wa maswali, nikalala usingizi wa tajiri.

Kesho yake nikamwonyesha patroni. Tuliuliza nini? Tuliuliza juu ya faili mpya, kwa sababu ndizo tulizokuwa nazo mezani. Majibu safi. Patroni akacheka, akanilipia bukari na samaki.

Wiki ya pili, mtu wa faktire akauliza: mteja fulani anapewa siku ngapi za parkingi bure kabla ya kuanza kulipa? Mashine ikajibu siku 2, na jina la faili chini yake. Akatoza siku tatu zilizozidi. Mteja akaja na mkataba wake mkononi: siku 5. Ule wa siku 2 ulikuwa mkataba wa mtu mwingine kabisa, mpya. Ona ubaya wake: modeli ya lugha, ile inayoandika jibu kutoka kwenye vipande ilivyoletewa, haikubuni kitu. Ilisoma ilichopewa, ikajibu ilichosoma. Jibu lilikuwa na msingi, ila ni msingi wa nyumba ya jirani. Na kipande kilichokatwa katikati ya mkataba hakina jina la mteja, basi hakukuwa na cha kuishtua.

Mimi nikatafuta mchawi kila mahali isipokuwa alipokuwa. Nikasema ni Kiswahili, nikaweka hatua ya kutafsiri swali kwa Kifaransa. Nikapandisha modeli ya lugha ikawa ya bei kali. Nikaongeza vipande vinavyoletwa kutoka 5 hadi 20, yaani nikalipia takataka mara nne. Nikaandika maelekezo marefu ya "usijibu kama huna uhakika", kama vile mashine ilikuwa na wasiwasi. Ilikuwa na uhakika kuliko mimi.

Siku nilipoacha kusoma majibu nikasoma vipande vyenyewe, iliisha kwa dakika kumi. Hii hapa:

```sql
SELECT faili, left(maandishi, 80),
       1 - (vekta <=> $1) AS ukaribu
FROM vipande
ORDER BY vekta <=> $1
LIMIT 5;
```

`$1` ni vekta ya swali. Hiyo `<=>` ni umbali wa kosaini, ukiutoa kwenye 1 unapata ukaribu. Vyote vitano vilitoka faili mpya. Nikabadilisha swali, tena faili mpya. Nikauliza hata juu ya barua ya zamani ninayoijua kwa kichwa: faili mpya! Vipande 6,100 vilikuwa vimekufa ndani ya hifadhidata, na hakuna aliyelia msiba.

Kisha nikafanya kipimo ambacho ningekifanya siku ya kwanza. Chukua maandishi ya kipande kimoja cha zamani, yapitishe upya kwenye modeli inayotumika kwa maswali, halafu ulinganishe vekta utakayopata na ile iliyohifadhiwa kwa kipande hichohicho. Maandishi ni yaleyale, basi ukaribu unapaswa kuwa karibu na 1. Mimi nilipata 0.02. Kwa modeli, kile kipande na nakala yake mwenyewe hawakujuana. Kipande cha mkataba mpya usiohusika kilikuwa na 0.34 na swali langu, si kitu kikubwa, lakini ukishindana na sifuri unashinda kila siku.

Kwa nini? Hiyo 1536 ni hesabu ya namba tu, haisemi kila namba ina maana gani. Kila modeli ilijifunza ramani yake peke yake. Wewe unajua: namba ya simu ya Kongo ukianza na sifuri ina tarakimu 10, na ya Zambia vilevile, na zote mbili zina za kuanza na 097. Piga ya mtu wa Kitwe ukiwa Lubumbashi bila +260, simu inaweza kuita, na mtu akapokea. Ila si yeye. Mtego huo uko hata kwa text-embedding-3-large: yenyewe ina 3072, lakini ukiipunguza kwa `dimensions` hadi 1536 nayo itaingia bila kelele.

Sasa kinachoniuma. Kurudia vipande vyote 7,000, kila kimoja tokeni 400 hivi, yaani vijipande vya maneno, ni tokeni milioni 2.8. Kwa bei ya 3-small iliyotangazwa ilipotoka 2024, dola 0.02 kwa milioni, ni senti sita za dola. Senti sita! Ile hatua ya kutafsiri maswali peke yake ilikula zaidi, na mteja ule hakurudi.

Ukitaka kuhama, hama na nyumba nzima. Fungua safu ya pili, usiifute ya kwanza:

```sql
ALTER TABLE vipande ADD COLUMN vekta_mpya vector(1536);
ALTER TABLE vipande ADD COLUMN modeli text;
```

Jaza `vekta_mpya` kwa kila kipande ukianzia kwenye maandishi, maana vekta ya modeli moja haigeuzwi kuwa ya nyingine kwa hesabu ya kawaida. Ndiyo sababu maandishi ya vipande hayafutwi kamwe. Andika jina la modeli kwenye kila mstari. Umeme ukikatika katikati, na utakatika, utajua umeishia wapi kwa kutafuta mistari ambayo `vekta_mpya` bado ni `NULL`. Ikibaki sifuri ndipo ugeuze upande wa maswali, modeli iwe mpya na utafutaji usome `vekta_mpya`, siku hiyohiyo, kwa mkono mmoja. Swali na kipande vipite modeli moja. Mengine yote tutabishana, hilo hapana.

Na uniambie ukweli: hujaingiza tayari faili mbili tatu kwa 3-small "kujaribu tu"? Swali lako linanuka hivyo. Zitafute kwa tarehe uzitoe leo, kabla hujasahau ni zipi.